Barua ya mwezi kwa mteja wa video: watazamaji wameshuka, maulizo yamepanda

*Habari mtaalamu. Nahariri video kwa kujitegemea, na mteja wangu ni mzee mwenye karakana ndogo ya samani. Kila mwezi namtengenezea video fupi 8 na ndefu 2 za YouTube. Safari hii nilimtumia picha ya skrini ya takwimu: mwezi wa tatu zilitazamwa mara 14,200, mwezi wa nne mara 9,300. Akanijibu, "Kwa hiyo tumeshuka. Sasa tunaendelea na nini?" Lakini waliomwandikia kuulizia samani wameongezeka kutoka 11 hadi 17, na mwezi huo ndipo nilipoondoa ile nembo ya mwanzoni. Nimwandikieje barua ya matokeo aielewe? Nimekuambatanishia jedwali la kila video.*

Mzee hajakosea. Ulimpa tarakimu mbili, ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, na yeye kasoma alichopewa. Picha ya skrini inaonyesha kilichotokea kwenye chaneli bila kusema kwa nini, tena inaweka juu kabisa takwimu isiyomhusu sana mwenye karakana. Nimelipitia jedwali lako. Habari iliyomo ni nzuri kidogo, ingawa si nzuri kama unavyotamani iwe, na barua yako itabidi iseme yote mawili.

Tuanze na huo mshuko. Kwenye jedwali kuna video moja fupi, ile ya kitanda chenye droo iliyofichwa, ambayo mwezi wa tatu ilitazamwa mara 6,900 peke yake. Hiyo ni karibu nusu ya mwezi mzima. Mwezi wa nne video hiyohiyo ikatazamwa mara 800, kwa sababu YouTube iliacha kuisukuma kwa watu wapya. Ukiitoa kwenye miezi yote miwili, zilizobaki zinakuwa 7,300 mwezi wa tatu na 8,500 mwezi wa nne. Kwa hiyo kazi yako ya kawaida imepanda kwa 1,200. Kilichoshuka ni video moja iliyowahi kupaa.

Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ya kufanya kila mwezi kabla hujaandika hata sentensi moja: panga video kuanzia iliyotazamwa sana, kisha angalia kama ya juu kabisa imebeba zaidi ya theluthi ya jumla. Ikiwa imebeba, andika jumla mbili, moja ikiwa nayo na nyingine bila hiyo. Usiifiche, maana mteja ataiona. Na usifanye hivyo mwezi unaokufaa tu. Mwezi wa tatu video hiyo ilipopaa, ulimwambia mzee kwamba sehemu kubwa ya ile 14,200 ilitoka kwenye video moja? Nadhani hukumwambia, na hapo ndipo swali lake la sasa lilipoanzia. Mwezi wa kupaa ndio wa kumwandaa mteja kwa mwezi unaofuata.

Kuna sababu nyingine ya kutochanganya video fupi na ndefu kwenye jumla moja. Tangu tarehe 31 Machi 2025, YouTube huhesabu video fupi kuwa imetazamwa kila inapoanza kucheza au kurudia, bila kujali imechezwa kwa muda gani. Mtu aliyeipitisha kwa kidole ndani ya nusu sekunde amehesabiwa. Hesabu ya zamani, inayohitaji mtu awe ameitazama kidogo, bado ipo kwenye YouTube Studio kwa jina la Engaged views, na kwa barua ya mteja mimi hutumia hiyo kwa video fupi. Ukijumlisha vidole vilivyopita na watu waliokaa dakika mbili wakisikiliza namna ya kutambua mbao iliyokauka, unapata tarakimu kubwa isiyokuwa na maana yoyote. Video ndefu za mzee zilitazamwa mara 1,120 mwezi wa tatu na mara 1,460 mwezi wa nne. Tarakimu hizo ni ndogo, lakini ndizo zenye watu wanaofikiria kununua.

Sasa nembo. Hapa ndipo kazi ya mkono wako inapoonekana, kwa hiyo ipe nafasi, ila uipime vizuri kwanza. Fungua video moja ndefu ya mwezi wa tatu, nenda kwenye mchoro unaoitwa Key moments for audience retention, usogeze kishale polepole kuanzia sekunde ya kwanza. Mstari unateremka kama ngazi kati ya sekunde ya 2 na ya 9, yaani wakati wote nembo inapozunguka na muziki wake, halafu unatulia mzee anapoanza kuongea. Kwenye sekunde ya 30 wamebaki watu 41 kati ya kila 100. Fungua ya mwezi wa nne, inayoanza moja kwa moja na mkono wa mzee ukigonga ubao: hakuna ngazi, kuna mteremko wa taratibu, na kwenye sekunde ya 30 wamebaki 58. Piga picha sehemu hiyo tu ya michoro yote miwili, sekunde 30 za kwanza, uziweke pamoja kwenye barua. Mzee anayejua mbao ataielewa kwa jicho. Usimtumie mchoro mzima, kwa sababu una vilima vya watu wanaorudisha nyuma, na wakati mwingine mstari hupita hata 100, nawe utaishia kueleza mambo ambayo hakuyauliza.

Lakini ngoja kidogo. Je, tofauti yote hiyo imeletwa na nembo? Mojawapo ya video zako za mwezi wa nne inahusu kutambua mbao iliyokauka, jambo ambalo watu hulitafuta wenyewe. Aliyetafuta kitu hukaa kuliko aliyeletewa. Basi inawezekana waliobaki wamebaki kwa ajili ya mada, na nembo ingekuwepo wangeivumilia. Njia ya kupima ni kulinganisha watazamaji wa aina moja. Kwenye takwimu za vyanzo, zilizoandikwa Traffic source, kuna safu ya muda wa wastani wa kutazama. Kwa wote kwa pamoja, muda huo umepanda kutoka dakika 1 na sekunde 31 hadi dakika 2 na sekunde 14, ongezeko la sekunde 43. Ukichukua waliotoka kwenye utafutaji pekee, ni kutoka dakika 1 na sekunde 52 hadi dakika 2 na sekunde 20, ongezeko la sekunde 28. Maana yake sehemu ya ongezeko imeletwa na mada, na sehemu iliyobaki inaelekea kuwa ya mwanzo mpya. Kwenye barua ningeandika hiyo ndogo, sekunde 28. Mwezi ujao mada ikiwa ya kawaida na takwimu ikarudi chini, hutakuwa na deni la kueleza.

Angalia pia umri wa video. Iliyopandishwa tarehe 3 imekuwa na karibu wiki nne za kutazamwa kabla mwezi haujaisha. Ya tarehe 26 imekuwa na siku nne. Ukizilinganisha zote mwisho wa mwezi, ya pili itaonekana mbovu bure. Mimi hulinganisha kila video kwa siku zake 14 za kwanza, naweka tarehe mwenyewe, na ambayo haijatimiza siku hizo inasubiri barua ijayo. Vilevile usikubali kipindi cha siku 28 ambacho YouTube Studio hukuwekea chenyewe. Chagua mwezi kamili wa kalenda, maana mzee anafunga hesabu zake kwa mwezi. Barua iende tarehe 4 au 5, kwa sababu takwimu za siku za mwisho huchelewa kukamilika.

Tuje kwenye maulizo, ambayo ndiyo yanayompa mzee usingizi. Kutoka 11 hadi 17. Najua kidole kinakuwasha uandike kwamba yamepanda kwa asilimia 55. Usiandike. Asilimia kwenye tarakimu ndogo namna hii hupiga kelele kuliko jambo lenyewe: watu sita tu, na mwezi mbaya mmoja utakulazimisha kuandika asilimia kubwa ya kushuka. Andika "kutoka 11 hadi 17" na uishie hapo.

Kuna kipimo chepesi cha kujua kama ongezeko la watu wachache lina uzito au ni bahati ya mwezi. Jumlisha idadi mbili, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha linganisha na tofauti. Hapa 11 na 17 ni 28, na kipeuo chake cha pili ni 5 na kitu. Tofauti yenu ni 6. Ili nishawishike, nataka tofauti iwe angalau mara mbili ya kipeuo hicho, yaani 11 hivi. Yangekuwa yametoka 11 hadi 25, jumla ingekuwa 36, kipeuo 6, tofauti 14, nami ningekuwa na ujasiri wa kusema kitu kimebadilika. Kwa 17, unachoweza kusema ni kwamba dalili ni nzuri. Jedwali lako linaonyesha mwezi wa pili yalikuwa 9. Basi mwandikie mfululizo wa miezi mitatu, 9, 11, 17, umwachie aone mwelekeo mwenyewe. Kipimo hiki kisiingie kwenye barua. Ni chako, cha kukuzuia usijisifu mapema.

Swali gumu zaidi ni kama hao 17 wametokana na video. Ulichonacho ni waliobofya linki iliyo chini ya video na kufika kwenye ukurasa wake wa maulizo. Ikiwa linki yako haina alama ya kuitambulisha video, huwezi kujua nani katoka wapi. Iandike hivi, ukibadilisha neno la mwisho kwa kila video:

```
https://example.com/maulizo?utm_source=youtube&utm_medium=video&utm_campaign=mbao-kavu
```

Takwimu za tovuti zitakuonyesha kila jina la mwisho limeleta wangapi. Ila linki ina upofu wake, na mteja aujue. Kwanza, tangu tarehe 31 Agosti 2023 linki zilizo kwenye maelezo na komenti za video fupi za YouTube hazibofyeki. Kwa hiyo sifuri ya video fupi kwenye jedwali lako haina maana kwamba hazileti watu, ina maana hazina mlango. Pili, mtu akitazama leo, akakaa wiki mbili, halafu akapiga simu moja kwa moja, linki haitamwona. Dawa yake ni ya kizamani: mzee au msaidizi wake amuulize kila anayeulizia, "Ulituona wapi?" na aandike jibu daftarini. Nawaamini zaidi wateja wa daftari kuliko ripoti nyingi zenye rangi. Tena daftari lina jambo ambalo wewe huwezi kulipata popote, nalo ni wangapi kati ya hao 17 walinunua.

Barua yenyewe ningeiandika hivi. Irekebishe iendane na mnavyozungumza.

> Mzee wangu, shikamoo.
>
> Haya ni matokeo ya mwezi wa nne. Nimeanza na lile linalokuhusu zaidi.
>
> Waliokuandikia kuulizia samani ni 17. Mwezi wa tatu walikuwa 11, na wa pili 9. Ni dalili nzuri, lakini idadi bado ni ndogo, kwa hiyo nisingependa tuiite mafanikio mpaka tuone miezi miwili mingine.
>
> Ni kweli video zimetazamwa mara 9,300, pungufu ya 14,200 za mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu video ya kitanda chenye droo ilipaa na kutazamwa mara 6,900 peke yake; mwezi wa nne imetazamwa mara 800. Tukiiweka pembeni, video zako nyingine zimepanda kutoka 7,300 hadi 8,500. Ilikuwa juu yangu kukueleza hilo mapema. Kupaa kwa namna ile hutokea mara chache na siwezi kukuahidi kwamba kutarudi.
>
> Nilichobadilisha mimi: nimeondoa nembo ya mwanzo kwenye video ndefu, sasa zinaanza na wewe ukiwa kazini. Picha mbili hapo chini zinaonyesha sekunde 30 za kwanza, kabla na baada. Zamani, kati ya watu 100 walioanza kutazama, 41 walikuwa wamebaki kwenye sekunde ya 30. Sasa wanabaki 58. Sehemu ya tofauti hiyo imeletwa na mada ya mbao, ambayo watu wanaitafuta wenyewe. Nikiangalia wanaotafuta peke yao, kila mmoja anakaa wastani wa sekunde 28 zaidi ya mwezi wa tatu.
>
> Ambalo halijaenda vizuri: video tatu fupi za viti hazikupata watu. Zote zilianza na kiti kikiwa kimekamilika, na watu walizipita. Mwezi huu nitatengeneza mbili zinazoanza na kiti kilichovunjika, tuone.
>
> Naomba mambo mawili kwako. Kati ya hao 17, wangapi walinunua? Na kila anayepiga simu, tafadhali aulizwe alituona wapi, jibu liandikwe daftarini.
>
> Wako katika kazi.

Utaona nimeacha mengi nje. Hakuna idadi ya wanaofuatilia chaneli, hakuna "laiki", hakuna mara ambazo vijipicha vilionyeshwa. Hiyo ya mwisho hasa huwatega wahariri, kwa sababu asilimia ya wanaobofya kijipicha mara nyingi hushuka video inapoanza kufanya vizuri: YouTube inaionyesha kwa watu wengi zaidi wasioijua karakana, na wengi wao hawabofyi. Mteja akiona asilimia imeshuka, itakubidi uandike ukurasa mzima kumtuliza. Takwimu hizo ziweke kwako, uzitumie kuamua kijipicha kipi ubadilishe.

Ile sentensi ya "ilikuwa juu yangu kukueleza" iandike tu ikiwa kweli hukumweleza. Na kipande cha kilichoharibika usikiache hata mwezi mzuri. Kiwe na kitu kimoja, na kionekane kwenye video, kama hapo kwa viti: kilianzaje, watu walifanya nini, utajaribu nini. "Ushiriki ulikuwa chini" haimwambii mzee kitu. "Walizipita kiti kilipoonekana kimekamilika" anaweza kuibishia, na akiibisha umepata mazungumzo mazuri kutoka kwa mtu anayejua wateja wake wanatazama nini wakiingia karakanani.

Kuhusu "tunaendelea na nini?", usilijibu ndani ya barua kwa kuitetea kazi yako. Mpigie simu siku mbili baada ya kuituma, ukiwa na swali moja tu mkononi: wangapi walinunua. Akisema wanne kati ya 17, yeye mwenyewe atapiga hesabu ya faida ya samani nne dhidi ya ankara yako, na hiyo ndiyo hesabu anayoiweza kuliko wewe. Akisema hakuna aliyenunua, basi tatizo linaweza kuwa kwenye bei, kwenye kuchelewa kujibu meseji, au video zinaleta watu wa mbali wasioweza kusafirishiwa kabati. Muulize maulizo hayo 17 yalijibiwa baada ya muda gani na waulizaji wanaishi wapi, kabla hujagusa tena video hata moja.